Wanataka kunichukua kinyama kwenye kizazi, na nimeambiwa hakuna usingizi

*Shikamoo dada. Nina miaka 54, naishi Korogwe. Hedhi ilikoma miaka miwili na nusu iliyopita, nikasahau kabisa habari za pedi. Mwezi uliopita nikaona damu kwenye khanga, kidogo, siku tatu. Ikaacha, halafu ikarudi. Hospitali wamenipima kwa siki wakasema mlango wa kizazi uko safi, lakini ultrasaundi imeandika ukuta wa ndani ni milimita 11. Nimepewa rufaa nikachukuliwe kinyama. Nilipouliza kama nitalazwa usingizi, nesi alicheka: "Dakika tano tu, mama." Jirani yangu aliyefanyiwa anasema alipiga kelele mpaka watu wa foleni wakasikia. Watoto wangu wawili wote nilijifungua kwa kisu. Inauma kiasi gani hasa? Na mume wangu anasema uvimbe ukiguswa na chuma unasambaa. Nimsikilize? – Mama wa Wawili*

Marahaba, mdogo wangu. Nimekuwa nesi wa kliniki ya wanawake miaka 22, nimeshikwa mkono na wanawake wengi wakiwa juu ya kile kitanda, halafu mwaka 2017 nikapanda mimi mwenyewe. Nitakujibu kama mtu aliyesimama pande zote mbili.

Inauma. Kwa wanawake wengi ni kama tumbo la hedhi la usichana, lile baya, likibana ghafla kwa nusu dakika hivi kisha likaanza kulegea. Wako ambao huwauma kweli kweli, machozi yakawatoka. Na wako niliowaona wakigeuza shingo na kuuliza, "Bado hamjaanza?" wakati sisi tunaondoa vifaa. Mwenzangu aliyekucheka hakukudanganya kuhusu saa, ila wewe hukumuuliza saa.

Jirani yako naye usimdharau. Kwa hali yako ningejiandaa kwa maumivu ya upande wake kuliko ya upande wa yule wa "bado hamjaanza", kwa sababu mbili. Mlango wa kizazi cha mwanamke aliyejifungua kwa njia ya kawaida umewahi kufunguka wote, na hata miaka ikipita hupitisha kifaa kwa urahisi zaidi. Wako, kama ulipelekwa kisu kabla uchungu haujakolea, huenda haujawahi kufunguka. Tena baada ya hedhi kukoma homoni hupungua, njia inakauka na mlango unasinyaa. Haimaanishi kwamba hautapitika. Maana yake ni kwamba usikubali kupelekwa mbio mbio bila dawa ya maumivu, na hiyo dawa ni haki yako kuiomba mapema.

Kabla ya kitanda, niondoe kitu kimoja ambacho kimewahi kuwaponza wanawake kliniki kwetu. Kipimo cha siki kinaangalia mlango wa kizazi tu, yaani pale nje panapoonekana kwa macho. Hakisemi lolote kuhusu ndani ya kizazi. Nimekutana na akina mama waliotokwa damu mwaka mzima baada ya hedhi kukoma, wametulia, kisa wana karatasi ya siki iliyoandikwa "hasi". Damu yako huenda inatoka chumba cha ndani, na ndiyo maana daktari hakuridhika.

Kuhusu hiyo milimita 11: kwa mwanamke ambaye hedhi imekoma na anatokwa damu, ukuta wa ndani ukiwa milimita 4 au chini yake, saratani ni nadra sana, na mara nyingi daktari anaweza kusubiri. Ukizidi hapo hawezi kubahatisha. Unaweza kuwa na polipi, kile kinyama laini kinachoning'inia kama ncha ya sikio. Unaweza kuwa ukuta umenenepa tu kwa homoni. Inaweza kuwa saratani: kati ya wanawake 10 wanaotokwa damu baada ya hedhi kukoma, takriban mmoja hukutwa nayo. Tisa hawana, lakini ultrasaundi haiwezi kutuambia wewe ni yupi. Inapima unene, haioni seli.

Sasa twende chumbani.

Utavua chini, utalala chali, miguu itainuliwa kwenye vishikio. Daktari ataingiza vidole kwanza na kubonyeza tumbo, ajue kizazi kimelalia mbele au nyuma. Usione anakupotezea muda. Kifaa kinapaswa kufuata mkunjo wa kizazi, na asiyejua mkunjo ulikoelekea ndiye anayeumiza. Kisha linakuja spekulamu, lile chuma la mdomo wa bata unalolijua tangu kipimo cha siki. Baada ya hedhi kukoma hilo peke yake linaweza kuwasha na kuvuta. Omba dogo, na omba lipakwe mafuta ya kutosha. Mlango utafutwa kwa dawa ya kuua vijidudu. Utasikia ubaridi tu.

Mara nyingine daktari hushika mlango wa kizazi kwa koleo refu lenye ncha mbili, ili kizazi kinyooke na kisicheze. Hapo utasikia kama umefinywa, kali lakini fupi. Sisi manesi tuna hila yetu ya zamani: tunamwambia mgonjwa akohoe kwa nguvu, na koleo linabana pale pale anapokohoa. Nilipofanyiwa mimi nilikohoa, na mfinyo ule sikuuona kabisa. Si kila mtu huhitaji koleo, kwa hiyo unaweza kuuliza kama wanaweza kujaribu bila hilo kwanza.

Halafu kifaa chenyewe. Wanawake huja wakiwaza kisu, mkasi, kitu cha kukata. Ni mrija wa plastiki laini, upana wake kama milimita 3, mwembamba kuliko mrija wa soda, una tundu dogo ubavuni karibu na ncha. Ndani yake kuna kijiti. Daktari anausukuma taratibu kupita mlango hadi ugote dari ya kizazi. Pale unapopenya sehemu nyembamba ya ndani ndipo tumbo linapobana kwa mara ya kwanza. Kisha anavuta kijiti nyuma kama unavyovuta bomba la sindano, hewa inanyonya, na huku akiuzungusha mrija na kuupeleka mbele na nyuma mara tatu nne, vipande vya ukuta vinaingia tunduni. Hiyo ndiyo nusu dakika niliyokuambia, na ndiyo mbaya kuliko zote. Mimi niliisikia mgongoni kuliko tumboni, ikashuka mapajani. Ukishavutwa nje, lile bano linaanza kuachia. Kilichobaki ni tumbo la kusokota la kawaida, saa kadhaa au hadi jioni.

Kama umewahi kuwekewa lupu, unaijua njia yote isipokuwa ule mvuto wa mwisho.

Zipo hospitali ambazo mrija huo haupo, nao hutumia bomba kubwa la kunyonya kwa mkono, lile la kusafishia mimba zilizoharibika, au hukwangua kwa kijiko cha chuma. Uliza kwa simu kabla hujasafiri, "Mnatumia mrija wa plastiki au mnasafisha?" Kukwangua bila ganzi usikubali. Hiyo ni kazi ya chumba cha upasuaji, mgonjwa akiwa amelazwa usingizi au amechomwa ganzi ya mgongo. Na kama watasema "kusafisha", usishtuke kwa sababu ya neno. Najua mtaani likisikika watu wanahesabu miezi. Kazi ni ile ile ya kutoa kipande kwa ajili ya vipimo, haihusiani na mimba.

Dawa sasa. Kunywa ibuprofeni miligramu 400 saa moja kabla ya muda wako, ukiwa umekula. Hii haihitaji kufunga kula. Ukija na njaa na hofu ndipo unapozimia. Kama una vidonda vya tumbo, figo mbovu, au pumu inayoamshwa na dawa hizo, tumia panado gramu moja, yaani vidonge viwili. Kama unakunywa dawa ya kufanya damu iwe nyepesi, mwambie daktari siku ya kupanga, usisubiri uwe kitandani. Vidonge hivi vitapunguza tumbo la baadaye zaidi ya lile bano la katikati, kwa hiyo visikutie moyo kupita kiasi.

Kinachogusa bano lenyewe ni ganzi. Daktari anaweza kuchoma lidokaini pembeni mwa mlango wa kizazi, au kuingiza kiasi kidogo ndani ya kizazi na kusubiri dakika chache. Sindano yenyewe inauma kidogo, na haiondoi maumivu yote, kwa sababu dari ya kizazi ina mishipa yake ya fahamu inayotokea juu. Lakini kwa mwanamke wa hali yako, mlango ambao haujafunguka na umeanza kusinyaa, mimi ningeiomba. Sema hivi, bila kubembeleza: "Daktari, nilijifungua kwa kisu mara zote mbili na hedhi imekoma. Naomba ganzi ya mlango wa kizazi." Sentensi hiyo inamwonyesha kwamba unajua unachosema, na madaktari wengi wakishapewa sababu hawabishi.

Kingine, kubalianeni neno kabla hajaanza. Ukisema "acha", aache. Siyo "vumilia kidogo mama, tunamalizia". Nilipofanyiwa mimi, kwenye zahanati binafsi nisiyoitaja, nilisema basi mara mbili na yule kijana akaendelea kana kwamba hasikii. Kinyama alikipata, lakini miaka yote hii nakumbuka dari la chumba kile kuliko majibu yenyewe. Mrija ukitolewa katikati hakuna kinachoharibika. Unapumzika, unaongezewa ganzi, au mnapanga siku nyingine mkitumia usingizi. Usingizi upo, ila unataka chumba cha upasuaji, daktari wa usingizi, kufunga kula, na mara nyingi foleni na gharama ya ziada. Ndiyo maana hauwi wa kwanza, ila usikubali kuambiwa haupo.

Ukimaliza usiruke chini. Mlango wa kizazi ukiguswa unaweza kushusha mapigo ya moyo, mtu akatoka jasho baridi, masikio yakavuma, akaona giza. Lala dakika 10, omba maji ya sukari, uinuke kwa kuketi kwanza. Nenda na mtu, na kwa basi la kurudi Korogwe omba kiti cha mbele. Damu kidogo siku mbili tatu ni kawaida. Tumia pedi, na mzee avumilie siku hizo. Kitakachokurudisha hospitali usiku huo huo ni pedi inayolowa ndani ya saa moja, homa ya 38 au zaidi, uchafu wenye harufu, au tumbo linalozidi kuuma badala ya kupungua. Mrija kutoboa kizazi hutokea, mara chache mno, mmoja au wawili kati ya 1000, na tumbo linaloongezeka kuuma ndilo dalili yake.

Sasa mumeo. Mwambie shikamoo yangu, na mwambie hapana. Kunyonya vipande kwa mrija hakusambazi ugonjwa mahali pengine wala hakufupishi maisha ya mwenye saratani. Lakini najua alikolitoa hilo, maana nami nimelisikia kwa mama yangu. Mgonjwa anachelewa miaka miwili kwa dawa za miti, anakuja hospitali saratani imeshafika kwenye maini, anachukuliwa kinyama Jumatatu, mwezi unaofuata anazikwa. Majirani wanaona chuma kimeingia na mtu amekufa. Ile miaka miwili hakuna aliyeihesabu. Saratani ya ndani ya kizazi ina bahati moja ambayo nyingine nyingi hazina: hutoa damu mapema, wakati bado iko ndani ya kizazi chenyewe, na kizazi kinaweza kutolewa kikaondoka nayo. Wewe umeona damu mwezi uliopita. Uko mapema.

Kuna kitu kingine kinachoharibu majibu mara nyingi, nacho hakihusiani na kitanda. Ni kichupa. Katika hospitali zetu nyingi mgonjwa au ndugu ndiye anayepewa kichupa akipeleke maabara ya patholojia, pengine jengo lingine, pengine mji mwingine. Kitazame kabla hujatoka chumbani. Vipande vinapaswa kuwa ndani ya fomalini, dawa ya kuvihifadhi visioze, inayokuchoma pua ukifungua kifuniko (usiinuse kwa makusudi, na mkono ukilowa nawa). Vikiwa kwenye maji matupu vinaoza, na mtaalamu atakachokiona ni uji. Jina lako, tarehe na neno "kizazi" viwe vimeandikwa kwenye chupa yenyewe, siyo kwenye kifuniko tu, kwa sababu vifuniko hubadilishana. Karatasi ya maombi ionyeshe kwamba hedhi imekoma na ukuta ni milimita 11. Mtaalamu wa patholojia asiyejua umri wako anaweza kusoma ukuta unaokua kama kitu cha kawaida, wakati kwako wewe haukupaswa kukua.

Majibu hutoka baada ya wiki moja hadi tatu hivi. Na hapa nikusimulie mgonjwa mmoja.

Alikuwa na miaka 58, ana kisukari, mnene kidogo, ukuta wake milimita 13. Tulimchukua kinyama kwa mrija, alivumilia vizuri. Karatasi ikarudi imeandikwa: sampuli haitoshi, hakuna seli za saratani zilizoonekana. Yeye akasoma nusu ya pili. Alifurahi, akachinja kuku, hakurudi kliniki. Miezi minane baadaye akaja na khanga imelowa. Safari hii tulimpeleka kwenye histeroskopi, yaani kipimo cha kamera ndani ya kizazi, na kwenye skrini tukaiona polipi imejificha pembeni, karibu na mdomo wa mrija wa uzazi, mahali ambapo ule mrija wetu ulipita kando yake bila kuigusa. Ilikatwa ikatoka yote. Ndani yake kulikuwa na sehemu ndogo iliyoanza kunenepa vibaya, bado si saratani. Alikuwa na bahati.

Udhaifu wa mrija ndio huo: unafanya kazi gizani. Ugonjwa uliosambaa ukuta mzima unaunasa vizuri sana, lakini kitu kilichokaa kona moja unaweza kukikosa. Kwa mwanamke ambaye hedhi imekoma, ukuta mara nyingi hautoi vipande vya kutosha hata daktari akiwa hodari. "Haitoshi" siyo "huna". Na hata "huna" ikifuatiwa na damu inayoendelea, haifungi kesi.

Ikifika huko, histeroskopi ndiyo inayofuata, na ipo zaidi hospitali kubwa za rufaa. Ni kamera nyembamba, milimita 3 hadi 5, inayopita njia ile ile, huku maji ya chumvi yakitiririka ndani ili kizazi kifunguke kama puto na kuta zionekane. Maumivu yake ni tofauti: bano la mrija ni fupi na kali, lile la maji linajaza na kunyoosha, na linakaa muda wote kamera ikiwa ndani, dakika 5 hadi 15. Maji yatakuchuruzika mapajani, usidhani umejikojolea. Daktari akishusha msukumo wa maji maumivu hushuka papo hapo, kwa hiyo mwambie. Wenye mkono mzuri huingiza kamera bila spekulamu wala koleo, na hiyo ni nafuu kubwa kwa njia iliyokauka. Kama ultrasaundi yako tayari ilionyesha kwamba kuna polipi, au kama watakuambia kazi itakuwa kukata kitu na siyo kuangalia tu, omba usingizi tangu mwanzo, ufanyiwe vyote mara moja.

Maneno utakayoweza kukutana nayo kwenye karatasi ni machache. Ukuta uliosinyaa: hauna shida. Polipi: itolewe. Haipaplasia ni ukuta ulionenepa. Ikiandikwa "bila atipia", yaani seli zake hazijabadilika vibaya, hutibiwa kwa homoni, vidonge au lupu yenye homoni, na kinyama kingine baada ya miezi kama sita. Ikiandikwa "yenye atipia", kwa umri wako watakushauri kutoa kizazi, wala usiahirishe, kwa sababu mara nyingi saratani huwa imejificha pembeni yake. Saratani ikiandikwa, itaambatana na daraja, na utapelekwa kwa daktari wa saratani za wanawake.

Nenda na hiyo rufaa, mdogo wangu, wiki hii. Ukipata karatasi, nipigie picha ukurasa mzima unitumie, pamoja na yale maandishi madogo ya chini ambayo hukusomewa.